Tathmini ya jaribio la WelTel Kenya1: meseji za simu na ufuasi wa dawa za VVU

Kwa wajumbe wa kamati ya huduma za matibabu

Pendekezo lililo mbele yenu linaomba fedha za mtambo wa kutuma meseji za kuwakumbusha wagonjwa wanywe dawa. Ushahidi mkuu linaoutegemea ni jaribio la WelTel Kenya1, lililofanywa na Richard Lester na wenzake na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Maoni yangu ni kwamba jaribio hili ni zuri kuliko mengi ya aina yake, lakini halithibitishi kile ambacho pendekezo linadai.

Watafiti waliwaandikisha watu wazima 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya VVU katika kliniki tatu nchini Kenya, wakawagawa kwa bahati nasibu: 273 kundi la meseji, 265 kundi la huduma ya kawaida. Kila wiki muuguzi alituma neno moja, "Mambo?", na mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwamba yuko sawa au ana shida. Aliyesema ana shida alipigiwa simu. Asiyejibu alipigiwa pia.

Hakuna mahali ambapo ujumbe huo unamwambia mtu anywe dawa. Kilichojaribiwa ni kifurushi kizima: salamu ya kila wiki, mlango wa kueleza tatizo, na muuguzi anayefuatilia. Kwa kuwa kundi la ulinganisho halikupata chochote zaidi ya huduma ya kawaida, hatuwezi kutenganisha kazi ya meseji na kazi ya muuguzi. Lingekuwapo kundi la tatu, linalopokea salamu bila kufuatiliwa, tungejua. Huo ndio upungufu mkubwa zaidi wa muundo kwa uamuzi wetu, kwa sababu pendekezo linataka kununua mtambo na halitaji muuguzi hata mara moja.

Upungufu wa pili uko kwenye kipimo cha ufuasi. Mgonjwa alihesabiwa kuwa mfuasi ikiwa alisema mwenyewe kwamba katika siku 30 zilizopita alikunywa zaidi ya asilimia 95 ya dozi, na akasema hivyo katika mwezi wa 6 na tena wa 12. Wachambuzi wa takwimu na maabara hawakujua nani yuko kundi gani, na hilo ni jambo la kusifiwa. Wagonjwa na wahudumu walijua. Mtu ambaye kliniki imemjulia hali kila wiki kwa mwaka mzima, kisha anaulizwa kliniki hapohapo kama amekunywa dawa, ana kila sababu ya kutoa jibu la kuwafurahisha waliomjali. Aliyeko kundi la pili hana deni hilo. Majibu yanaweza kupishana hata kama unywaji haujapishana.

Tena, kizingiti cha asilimia 95 ni kikali na kinakata vibaya. Anayekunywa dawa mara mbili kwa siku ana dozi 60 kwa siku 30. Akikosa tatu tu, anawekwa kapu moja na aliyeacha dawa kabisa. Kigezo hicho kilipata umaarufu enzi za vizuizi vya protease vya zamani, dawa ambazo hazikuvumilia kusahau. Kwa dawa nyingine kiwango cha chini zaidi kinaweza kutosha kufubaza virusi. Vilevile, siku 30 zilizoulizwa mara mbili zinaacha takriban miezi kumi ya mwaka bila kuulizwa.

Matokeo: wafuasi walikuwa 168 kati ya 273 kwenye kundi la meseji na 132 kati ya 265 kwenye kundi la kawaida, yaani karibu asilimia 62 dhidi ya 50. Ripoti inataja uwiano wa hatari ya kutofuata dawa kuwa 0.81. Nimekokotoa upya kutoka hesabu hizohizo: wasiofuata ni 105 kati ya 273 na 133 kati ya 265, na uwiano wao ni 0.77. Hiyo 0.81 hupatikana ukigawanya kiwango cha wafuasi wa kundi la kawaida kwa kiwango cha kundi la meseji. Mwelekeo wa matokeo haubadiliki, na kwa kweli athari inaonekana kubwa kidogo zaidi, lakini naomba takwimu hiyo isinakiliwe kwenye nyaraka zetu kwa jina ililopewa.

Nguvu ya jaribio hili ni kwamba halikuishia kwenye maneno ya mgonjwa. Walipima kiwango cha virusi kwenye damu, na waliofubaza hadi chini ya nakala 400 kwa mililita walikuwa 156 kati ya 273 dhidi ya 128 kati ya 265, takriban asilimia 57 dhidi ya 48. Damu haimpendelei muuguzi, ndiyo maana matokeo haya nayapa uzito kuliko yale ya kwanza. Hata hivyo yameponea chupuchupu: ukomo wa juu wa makadirio ya uwiano wa hatari ya kushindwa kufubaza virusi ni 0.99, ilhali 1 ingemaanisha hakuna tofauti, na idadi ya wagonjwa wanaohitaji kufikiwa ili mmoja zaidi afubaze virusi, iliyokadiriwa kuwa 11, inaweza kufika hadi 227. Aidha, wasio na kipimo walihesabiwa kama walioshindwa. Huo ni uangalifu unaokubalika, ila unachanganya mambo mawili: aliyepotea kliniki na aliyepimwa akakutwa na virusi vingi. Kwa mpangaji wa huduma hawa ni watu tofauti na wanahitaji msaada tofauti.

Linganisheni na majaribio mengine mawili ya Kenya, yote yaliyochapishwa mwaka 2011. Pop-Eleches na wenzake walitumia vizibo vya kielektroniki vinavyorekodi kila chupa inapofunguliwa. Kufungua si kumeza, lakini kizibo hakina aibu. Meseji za kila wiki ziliwafikisha asilimia 53 kwenye ufuasi wa angalau asilimia 90, dhidi ya 40 kwenye kundi la ulinganisho. Meseji za kila siku hazikusaidia. Chung na wenzake, jijini Nairobi, walijaribu kifaa cha kengele na ushauri nasaha: ushauri ulisaidia, kengele haikusaidia. Kama kusahau ndiko kungekuwa tatizo kuu, kengele na meseji ya kila siku vingeongoza.

Kuhusu nani aliingia: ilibidi mgonjwa awe na simu anayoipata, yake au ya kushirikiana. Asiye na simu kabisa hayumo, na huenda ndiye mwenye shida zaidi. Neno "Mambo?" halifichui ugonjwa wa mtu hata simu ikiwa mkononi mwa mwingine. Pendekezo letu linataka ujumbe unaotaja dawa, na hapo usiri unavunjika.

Napendekeza kamati isiidhinishe mtambo kwa namna ulivyoombwa. Uidhinishwe mfumo wa salamu ya wiki yenye majibu, pamoja na saa za kazi za muuguzi atakayepiga simu, na bajeti ya saa hizo iandikwe waziwazi. Kipimo kikuu kiwe kiwango cha virusi katika mwezi wa 6 na wa 12, waliopotea waripotiwe kando, na kumbukumbu za kuchukua dawa duka la dawa la kliniki zitumike kama kipimo cha pili badala ya kumuuliza mgonjwa peke yake. Fedha zikitosha, kliniki nusu zipate meseji bila simu ya muuguzi kwa mwaka wa kwanza, zikichaguliwa kwa kura, ili swali ambalo WelTel Kenya1 iliacha wazi lipate jibu hapa kwetu.