Maombi ya Kumleta Mahabusu Mbele ya Mahakama: Zoezi la Hati, Kigoma

Watu na vituo vya polisi vilivyomo humu ni vya kubuni. Sheria ni ya kweli, kwa Toleo la 2022. Hati ni za Kiswahili kwa kuwa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 hiyo ndiyo lugha ya mahakama zetu.

KATIKA MAHAKAMA KUU YA TANZANIA
MASJALA NDOGO YA KIGOMA

MAOMBI MADOGO YA JINAI NA. 14 YA MWAKA 2024

Katika suala la maombi ya amri ya hebeasi kopasi kwa ajili ya MOSHI IDI BWENGE

Kati ya
ZUHURA IDI BWENGE, Mwombaji
na
MKUU WA KITUO CHA POLISI CHA KWANZA, Mjibu Maombi wa 1
MKUU WA KITUO CHA POLISI CHA PILI, Mjibu Maombi wa 2
MWANASHERIA MKUU WA SERIKALI, Mjibu Maombi wa 3

HATI YA WITO WA CHEMBA
(Chini ya kifungu cha 390(1)(a) na (b) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20)

Wahusika wote wafike mbele ya Mheshimiwa Jaji, chemba, mapema kadiri atakavyopanga, kusikiliza maombi ya Mwombaji kwamba Mahakama hii tukufu iamuru:

(a) Wajibu Maombi wa 1 na wa 2 wamlete Moshi Idi Bwenge mbele ya Mahakama, yeye mwenyewe kwa mwili wake, pamoja na maelezo ya maandishi yanayoonyesha siku na saa aliyokamatwa, sababu, na sheria inayowapa uwezo wa kuendelea kumshikilia;

(b) endapo maelezo hayo hayataonyesha uhalali, aachiwe huru papo hapo;

(c) vinginevyo, apewe dhamana ya polisi au afikishwe siku hiyohiyo kwenye mahakama yenye mamlaka ya kusikiliza kosa analotuhumiwa nalo;

(d) nafuu nyingine yoyote ambayo Mahakama itaona inafaa.

Maombi haya yanaungwa mkono na kiapo cha Mwombaji, na yameambatanishwa na cheti cha dharura.

KIAPO CHA MWOMBAJI

Mimi, ZUHURA IDI BWENGE, mtu mzima, Mwislamu, mkazi wa Ujiji, naapa na kueleza kama ifuatavyo:

1. Moshi ni mdogo wangu, tumezaliwa baba mmoja na mama mmoja. Ana miaka 27 na ni mvuvi wa dagaa katika mwalo wa Katonga. Naomba kwa niaba yake kwa sababu yeye hawezi kutoka kuja kuomba.

2. Jumatatu tarehe 6 Mei 2024, kama saa mbili asubuhi, nilikuwa mwaloni nikinunua dagaa. Niliona askari wawili wenye sare wakimkamata Moshi. Walisema kuna mashine ya boti imeibwa na jina lake limetajwa. Hawakuonyesha hati yoyote. Walichukua na simu yake.

3. Siku hiyohiyo nilimpelekea chakula Kituo cha Kwanza. Kilipokelewa na vyombo nikarudishiwa vitupu. Nilifanya hivyo kila siku hadi tarehe 10 Mei.

4. Tarehe 8 Mei niliomba dhamana nikiwa na wadhamini wawili, mmoja mwenye barua ya mwenyekiti wa mtaa. Niliambiwa upelelezi haujakamilika.

5. Tarehe 11 Mei chakula kilikataliwa. Askari wa zamu aliniambia, "Mama, huyo hayuko hapa." Nilipomuuliza, "Afande, basi yuko wapi?" alinijibu kwamba aliachiwa jana usiku na bila shaka amerudi ziwani.

6. Hakurudi nyumbani. Boti anayovulia iko nchi kavu Katonga, nimeiona kwa macho yangu tarehe 12, 14 na 16 Mei. Tangu tarehe 15 Mei shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zimefungwa.

7. Tarehe 15 Mei kijana Athumani Saidi Kagoma alikuja nyumbani kwetu. Aliniambia, nami namwamini, kwamba ametoka mahabusu ya Kituo cha Pili asubuhi hiyo, na kwamba alimwacha Moshi humo. Kiapo chake kimeambatanishwa.

8. Siku hiyohiyo nilikwenda Kituo cha Pili. Nilikataliwa kuonyeshwa daftari la mahabusu, wala sikuambiwa kama yumo au hayumo.

9. Tarehe 16 Mei niliuliza katika masjala ya Mahakama ya Wilaya na ya Mahakama ya Hakimu Mkazi. Hakuna shauri lililofunguliwa dhidi yake.

UTHIBITISHO: Aya ya 1 hadi ya 6, ya 8 na ya 9 ni kweli kwa ufahamu wangu mwenyewe. Aya ya 7 ni kweli kwa taarifa niliyopewa na Athumani Saidi Kagoma, isipokuwa kuja kwake, ambako nilikuwepo.

Kimeapwa Kigoma mbele ya Kamishna wa Viapo, leo tarehe 17 Mei 2024. (Saini ya mwapaji.)

Neno kwa wanaojifunza: rasimu ya kwanza ilikuwa na aya ya 10 iliyosema "huu ni uonevu na ukiukwaji wa Katiba". Nimeifuta. Tangu shauri la Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, kwa maombi ya Matovu [1966] E.A. 514, ambalo lenyewe lilikuwa la amri hiihii, kiapo ni mahali pa mambo yaliyotokea tu. Hoja za sheria na maombi hayana nafasi humo. Kweli, Matovu alisamehewa kasoro za hati zake kwa uzito wa jambo, lakini msitegemee jaji wenu awe na moyo huo. Fidia nayo nimeiacha nje: hiyo ni kesi ya madai, yenye notisi yake ya siku 90 kwa Serikali, na Moshi hawezi kuisubiri akiwa lokapu.

MUHTASARI WA HOJA ZA MWOMBAJI

Hoja ya kwanza ni muda. Kifungu cha 32(1) cha Sheria hiyohiyo ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai kinamtaka mkuu wa kituo, pale isipowezekana kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 24, achunguze jambo lenyewe na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Tunatarajia Wajibu Maombi waseme wizi wa mashine ya boti ni kosa zito. Hata tukilikubali hilo kwa ajili ya mjadala, kifungu hakiishii hapo: anayebakizwa lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Zimepita siku 11, na Mahakama ya Wilaya iko mji huohuo. "Upelelezi haujakamilika" si jibu, kwa kuwa sheria haikufunga saa hizo kwenye kukamilika kwa upelelezi. Mtu hufikishwa kwa hakimu, na upelelezi ukaendelea.

Hoja ya pili ni nani anajibu. Mjibu wa 1 atasema hana mtu. Wa 2 huenda akanyamaza. Ndiyo maana wameunganishwa wote wawili. Aya ya 2 na ya 3 zinaonyesha aliingia mikononi mwa Mjibu wa 1, na asemaye amemwachia ndiye mwenye daftari la kuonyesha alimwachia saa ngapi na kwa dhamana ya nani. Habari za kurudi ziwani haziendani na boti iliyo nchi kavu, wala na ziwa lililofungwa.

Tatu, kwa ufupi: Ibara ya 15(2) ya Katiba hairuhusu mtu kunyimwa uhuru isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Utaratibu huo ndio uliokwisha kuelezwa hapo juu.

Iwapo Moshi atapelekwa kwa hakimu kabla ya siku ya kusikilizwa, maombi (a) na (b) yatakuwa yamepitwa na wakati, na wakili ataiarifu Mahakama mara moja. Mpaka hapo, tunaomba siku ya karibu.

Imeandaliwa na kuwasilishwa na Wakili wa Mwombaji, Kigoma, tarehe 17 Mei 2024.

Nakala zipelekwe kwa: Mjibu Maombi wa 1, Mjibu Maombi wa 2, kwa mkono, mpokeaji aandike saa, na Mjibu Maombi wa 3, kupitia Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali.