Kumbusho: dodoso la maji linafungwa Ijumaa

Habari za asubuhi, ndugu zetu.

Asanteni wote mliokwisha kujibu dodoso la maji la mtaa wetu. Kwa ambao bado: wengi mmeishia swali la 7, lile la gharama ya ndoo ya lita 20. Kama hukumbuki bei kamili, kadiria tu, uendelee. Majibu ya mwanzo yamehifadhiwa; fungua kiungo kilekile kwa simu ileile. Zimebaki kama dakika tano.

Kaya za mlimani, tunawaomba sana, maana bomba lenu ndilo linalokauka kwanza. Mwisho ni Ijumaa saa 12 jioni. Aliyeishiwa bando apite kwangu, atajazia kwenye simu yangu.

Katibu, Kamati ya Maji ya Mtaa