Kwa mdogo wangu, Kibirizi

Mdogo wangu, habari za huko.

Ule ujumbe wa juzi usiku, kwamba heri tungekuzika wewe akabaki marehemu kaka, nauondoa. Kuufuta kwenye simu hakusaidii, ulishausoma. Si kweli, na hata ningekuwa na hasira kiasi gani, sikuwa na haki ya kumtumia marehemu kukuchoma moyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu nilikuona ulivyomuuguza. Nisamehe sana.

Hasira yenyewe ilikuwa ya kweli, na bado ipo. Hela ya dagaa ilikuwa ya dawa za mama. Ukazima simu, nami nikakopa kwa jirani hapa Tabora huku mama akiniuliza kila jioni kama umetuma. Kwa hilo nakudai maelezo, siwezi kujifanya yameisha. Lakini ningeweza kukuambia hivyo hivyo bila kukutukana.

Yale niliyokuandikia kwenye kundi la familia nimeyaondoa mle mle, wakubwa wakisoma. Shemeji nitampigia mwenyewe, najua aliyaona.

Usijilazimishe kunijibu leo. Ukiwa tayari, nieleze kilichoupata ule mzigo, nitakusikiliza hadi mwisho bila kukukatiza. Mama hajambo, presha imeshuka. Sijamwambia lolote kuhusu haya, na anataka kusikia sauti yako. Mpigie hata kama mimi hutaki kuongea nami.

Dada yako