Kikapu chako bado kipo: barua pepe tatu kutoka duka la vitenge, Kisumu

Barua ya 1, saa moja baadaye
Kichwa: Kitenge chako tumekiweka kando

Habari ya jioni dada,
Umeacha kikapuni kitenge cha yadi 6, cha samawati chenye maua ya manjano, pamoja na leso jozi moja. Jumla ni shilingi 2,150. Labda mtandao ulikatika au simu iliisha chaji. Bonyeza "Maliza kununua" uendelee ulipoachia.

Barua ya 2, kesho yake
Kichwa: Kuna jambo lililokutatiza?

Dada, wengi hutuuliza kama rangi itachuja. Hiki ni pamba tupu. Tumefua kipande chake mara 3 hapa dukani na maua hayajafifia. Mara ya kwanza kifue kivyake kwa maji baridi, ukianike kivulini.

Kondele na Milimani, boda ni shilingi 150. Ukiwa Ahero au Maseno, tunakitia kwenye matatu nawe unakichukua steji. Hatupendi mtu atume pesa akiwa na wasiwasi: ndani ya Kisumu fungua mzigo, shika kitambaa, ndipo ulipe kwa M-Pesa. Fundi akisema yadi 6 hazitoshi gauni na kilemba, jibu hapa tukuongezee.

Barua ya 3, siku ya 4
Kichwa: Tunakushikia hadi kesho

Jora la rangi hiyo limebaki yadi 8, na mteja mwingine ameliulizia. Chako tutakishikilia hadi kesho saa 12 jioni. Ukiwa umebadili nia, bonyeza "Futa kikapu". Hatutakuandikia tena kuhusu oda hii.

Asante dada,
Sisi wa dukani, Barabara ya Oginga Odinga