Masanja, ndoo ya maji usiiguse

Kaka Masanja, pole. Pole ya kwanza na ya mwisho kwenye ujumbe huu, maana nilikuwepo wodini Jumatano nikasikia ulivyopewa pole arobaini ndani ya nusu saa, na kila aliyetoka mlangoni aliacha maneno yaleyale: "Ukihitaji chochote usisite kusema." Nilikuangalia usoni. Wewe hutasema. Mtu aliyeficha ngiri miezi minane akituambia ni gesi, leo ndiyo apige simu kuomba ndoo ya maji?

Mimi mwenyewe nilipovunjika mguu niliambiwa hivyohivyo na watu wengi, na nikashukuru, na nikakaa ndani na simu isiyo na chaji kwa sababu luku ilikuwa imeisha na siwezi kutoka. Aliyenisaidia ni jirani mmoja ambaye hakuuliza kitu. Alikuja, akaangalia mita, akaondoka, akarudi na tokeni kwenye kikaratasi. Basi nimeamua kufanya kama yule. Nakueleza yaliyokwisha kupangwa. Kama kuna usilolitaka, likatae hilo tu, mengine yaache yaende.

Naanza na maji, maana najua ndiyo yatakayokuua. Karatasi uliyopewa Ijumaa wakati wa kutoka nimeisoma, shemeji alinipa niipige picha. Imeandikwa usinyanyue kitu kinachozidi kilo 5 kwa wiki 6. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kaka, na wewe huko Bugarika unaipandisha kwenye mawe. Jana nilizihesabu ngazi kutoka kwa fundi baiskeli mpaka mlangoni kwako: ni 74, na kumi za mwisho si ngazi, ni miamba tu iliyochoka kusubiri mtu aitengeneze. Nimeongea na Yohana, yule kijana anayebeba maji kwa mzega. Kuanzia kesho ataleta ndoo sita kila asubuhi kwa siku 14, na nimeshamalizana naye. Usimpe hela. Akidai, ananidanganya, nipigie. Baada ya hizo siku 14 zamu inachukuliwa na Zawadi na wenzake wa mizani, wamechanga tayari.

Alhamisi unarudi kutolewa nyuzi na kukaguliwa mshono. Najua mpango wako ulikuwa bodaboda, "polepole tu." Hapana. Kile kipande cha chini chenye mashimo hata mzima kinampasua. Bajaji ya Juma itakuwa kwa fundi baiskeli saa moja na nusu. Mimi na Deus tutapanda kukuchukua saa moja kamili, tutashuka na wewe katikati, na tutapumzika pale kwenye jiwe kubwa lenye kivuli, utake usitake. Chukua mto mdogo. Ukikohoa au bajaji ikirukaruka, ubane juu ya mshono. Nesi alikuonyesha, ukajifanya unaangalia dirishani. Nina zamu ya mchana siku hiyo, kwa hiyo nitakusubiri mpaka umalize, sitakuacha kwenye foleni.

Sasa kazini. Zawadi kaniambia ulimnong'oneza kuhusu mshahara, ukamwomba asimwambie mtu. Ameniambia mimi, na amefanya vizuri. Cheti cha daktari nilikipeleka kwa afisa utumishi Ijumaa mchana, akagonga muhuri kwenye nakala, na nakala ninayo ndani ya bahasha ya kaki. Nikamuuliza mbele ya watu ili asije akageuka baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu. Wiki zako 6 ni siku 42. Ukijumlisha na zile 4 za malaria mwaka jana unapata 46. Bado uko ndani ya mshahara kamili, na hakuna anayekufanyia hisani. Zile saa za ziada za usiku ule gari la barafu lilipochelewa nimezijaza kwenye fomu na msimamizi amesaini.

Mapokezi yanaenda. Si kama ukiwepo, sitakudanganya. Deus anapima joto la samaki vizuri ila mwandiko wake kwenye daftari hata yeye hausomi, na juzi alibishana na dereva mmoja kuhusu sangara wa chini ya sentimita 50 mpaka rula ikavunjika. Lakini kreti hakuna anayeinua peke yake tena. Baada ya wewe kuanguka pale kwenye kreti ya barafu, msimamizi amekubali zinyanyuliwe na watu wawili, na kile kitoroli kilichokaa stoo bila tairi kimepata tairi. Imebidi utumbo wako utoke mahali pake ndipo tairi linunuliwe. Msimamizi akikupigia simu kuuliza ufunguo wa kabati uko wapi, usipokee. Tumeshaupata, ulikuwa mfukoni mwa koti lako la baridi, pamoja na nusu chapati ambayo sitaieleza zaidi.

Hili linalofuata ni la shemeji, umsomee. Mama Kulwa, pole na uuguzaji. Najua tangu Jumatatu hujakanyaga Mwaloni na una magunia mawili ya dagaa kwenye kibanda, na kila ukikaa kitandani kwa mgonjwa akili iko Kirumba. Wiki iliyopita mbalamwezi ilikuwa kali. Wavuvi wa dagaa walikuwa nchi kavu wanashona nyavu, maana mwezi ukiwaka taa zao hazivuti kitu, na mzigo mpya ukawa haba. Dada yake Zawadi, yule mwenye meza karibu na mizani, akaniambia nikisubiri giza lirudi dagaa watamwagika sokoni na bei itashuka. Nikakupigia, ukasema "fanyeni mnavyoona," nikaona kwamba hilo ni jibu la mtu aliyechoka. Lakini mvua nayo ilikuwa inanusa kutoka ziwani, na dagaa wakipigwa unyevu mnawajua. Tukauza Jumamosi asubuhi, magunia yote mawili. Ukitoa ushuru na mbebaji zimebaki shilingi 412,000. Zipo kwangu, Alhamisi utazihesabu mwenyewe na karatasi ya mahesabu. Kama tumeuza chini ya ulivyotaka, nilaumu mimi, yule dada usimguse. Kibanda kimefungwa na ufunguo anao yeye.

Masanja, mchango wa kazini umefika 186,000, na daftari lenye majina limo kwenye bahasha. Fedha anapewa Mama Kulwa, si wewe. Wewe ungelipa deni la mtu mwingine nazo, tunakujua. Kuhusu kikoba: leo nimekulipia hisa mbili na ile elfu moja ya jamii. Jumla 11,000. Hiyo si zawadi, maana najua zawadi ungempa Juma anirudishie kesho asubuhi. Ni deni, nimeliandika, utanilipa ukirudi kazini. Sikutaka tu mwaka ukatike jina lako lina pengo kwenye daftari na mwenyekiti aanze maneno yake ya faini.

Kulwa na Doto: binti yangu anapita getini kwenu saa kumi na mbili na nusu kila siku ya shule, watashuka wote. Jioni wakirudi wanapitia kwangu kwanza, wanafanya hesabu zao, wanakula, wanapanda kabla giza halijaingia. Doto ameshatoa masharti kwamba kwetu lazima kuwe na wali. Tumekubaliana wali Jumatano.

Chakula chenu nimekizuia kidogo. Watu walitaka kuleta masufuria ya pilau na nyama ya kukaanga kana kwamba kuna msiba. Nikawaambia mgonjwa wa ngiri hatakiwi kujikamua chooni, basi aletewe vitu laini. Jumatatu na Alhamisi utapata supu ya sato kutoka kwa mke wangu. Sangara sikuthubutu kumpendekeza, tunamnusa mchana kutwa. Zawadi ataleta papai na mchicha, Deus uji wa ulezi, na amekula kiapo hatauweka sukari ya harusi. Shangazi yako wa Magu amenipigia anasema analeta michembe gunia zima. Siwezi kumzuia shangazi. Ila muulize nesi Alhamisi kabla hujaivamia, tumbo bado jipya hilo.

Wageni nao. Nimewaambia kazini wasije zaidi ya wawili kwa siku, wasikae zaidi ya nusu saa, na wasikuchekeshe. Deus alikuwa na utani wake kwamba kwa vile daktari amekuwekea neti tumboni, maofisa wa uvuvi watakuja kupima matundu yake. Nimemkataza asikuambie mpaka wiki ya tatu. Sasa nimekuambia mimi. Bana mto.

Kuna jambo moja tu ninalokuomba ulifanye wewe mwenyewe, na hili sitanii. Karatasi yako ina dalili za kurudi hospitali haraka: homa, mshono kuvimba na kuwa mwekundu au kutoa usaha, kutapika, tumbo kujaa na kushindwa kutoa hewa, uvimbe kurudi palepale. Ukiona mojawapo, hata saa nane usiku, usipige mahesabu ya kunisumbua. Simu yangu haizimwi mpaka nyuzi zitoke, na Juma analala chini hapo jirani na fundi, nimempa shilingi za mafuta ili bajaji isilale tupu. Usisubiri kuche. Ulisubiri miezi minane, inatosha.

Usinijibu ujumbe huu kwa maneno marefu ya shukrani, utachoka bure. Ukikubali bajaji ya Alhamisi, tuma "sawa." Usipotuma kitu, nitahesabu umekubali.

Kesho saa moja kasoro Yohana atagonga bati la mlango. Usinyanyuke kumfungulia. Mama Kulwa anajua.

Bahati