Hotuba ya Mwalimu Mkuu: Mahafali ya Gredi ya 9, Kisumu, Novemba 2025

KUKARIBISHA

(Slaidi ya 1: lango la shule alfajiri, wanafunzi wakiingia)

Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi, mgeni wetu kutoka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, chifu, mchungaji uliyetufungulia kwa maombi, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na nyinyi 74 mliovaa majoho: hamjambo? Hamjambo tena?

Karibuni sana. Najua kuna mama aliyeanika omena Dunga leo asubuhi akamwachia jirani amlindie. Kuna baba wa bodaboda aliyekwisha kuleta familia tatu hapa kabla ya kuileta yake. Kuna nyanya aliyelala kwenye basi kutoka Siaya ili saa mbili imkute kitini. Tumewaona. Walio nje ya hema, sogeeni ndani, viti bado vipo. Mapazia tumeyafunga ili mwanga wa projekta uonekane, kwa hivyo mkihisi joto vumilieni kidogo.

Kabla sijabonyeza slaidi ya pili, niseme jambo moja. Wazazi wengi mmeniuliza langoni: "Mwalimu, maksi zitaonyeshwa?" Hapana. Matokeo ya KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari msingi, hayajatoka. Na hata yangekuwa yametoka, singeanza nayo. Alama hizo zina njia yake: asilimia 20 inatokana na tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 na kazi walizofanya shuleni Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 na karatasi walizoandika juzi. Zitakuja. Leo nimeleta mambo ambayo hayataandikwa kwenye ile karatasi ya matokeo, na ambayo niliyaona kwa macho yangu.

(Slaidi ya 2: darasa la Gredi ya 3, mwaka wa 2019)

Watazameni. Meno ya mbele hayapo! Hawa ndio wa kwanza kabisa katika mtaala wa umilisi. Mwaka wa 2019 walikuwa Gredi ya 3. Machi 2020 wakiwa Gredi ya 4, shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo serikali ikaita madarasa matatu tu kurudi: Darasa la 8, Kidato cha 4, na hawa. Watoto wa miaka tisa na kumi wakarudi kwenye uwanja mtupu, barakoa zimewafika machoni. Mwaka wa 2022 wakaandika KPSEA ya kwanza, ile tathmini ya Gredi ya 6. Mwaka wa 2023 wakaanzisha sekondari msingi papa hapa, kwenye shule ya msingi, na mwaka huu wakawa wa kwanza kuandika KJSEA.

Watoto wengi hapa Kenya waliosoma kabla yao walikuwa na kaka au dada wa kumwuliza, "Mtihani huo uko vipi?" Hawa hawakuwa na mtu. Hakuna karatasi za miaka iliyopita, hakuna daftari la kurithi. Hata sisi walimu tulikuwa tukihudhuria mafunzo likizoni na kurudi kuwafundisha tuliyojifunza wiki iliyotangulia. Ninaposema mafanikio ya mwaka huu, mkumbuke hilo.

(Slaidi ya 3: njia ya kuja shuleni ikiwa imejaa maji, mvua za Aprili)

Picha hii ilipigwa na mzazi. Mlio Nyalenda mnajua maji yanavyoingia nyumbani mvua za masika zikianza. Wiki mbili mfululizo wasichana wa darasa hili waliwabeba mgongoni watoto wa chekechea pale kwenye kivuko. Hakuna mwalimu aliyewatuma.

(Slaidi ya 4: timu ya voliboli; slaidi ya 5: kwaya na mpiga orutu)

Voliboli wasichana walifika fainali ya kaunti ndogo wakashindwa kwa seti tatu kwa mbili. Kwaya ilifika ngazi ya kaunti. Huyo kijana mwenye orutu alifundishwa na babu yake, ambaye yuko hapa, safu ya tatu. Mzee, erokamano. Tafadhali inuka tukuone. (Makofi.)

(Slaidi ya 6: gugumaji likiwa limefunika ufuo)

Hapa nitakaa kidogo, mniruhusu.

Nyote mnalijua gugumaji. Upepo ukigeuka, ufuo wote unakuwa kijani, mashua hazitoki, na nyumbani hakuna samaki. Muhula wa kwanza mwalimu wa kilimo aliwauliza: kitu hiki kinachotuharibia riziki, tunaweza kukifanya nini? Wakajibu mbolea, wakajibu vikapu, maana tayari watu wa Dunga wanasuka. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, karatasi hutengenezwa na nini?" Akaambiwa, nyuzi za mimea. Akanyamaza. Kesho yake akaja na mashina mawili kwenye mfuko wa plastiki.

Hakuna mtoto aliyeingia majini, niliweka sheria hiyo siku ya kwanza. Kuna viboko, na kwenye yale magugu ndimo wanamokaa konokono wa kichocho. Wavuvi, ambao ni wazazi wetu, ndio waliotuletea mzigo na mashua, wakautupa nchi kavu. Watoto wakakata mizizi wakaitupa, wakakatakata mashina vipande vya kidole, wakayachemsha kwa muda wa saa tatu kwenye maji ya majivu ili yalainike. Wakaosha, wakatwanga kwenye kinu.

(Slaidi ya 7: karatasi ya kwanza, imevunjika vipande)

Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza. Ilivunjika kama biskuti. Niliomba slaidi hii isiondolewe. Ya pili ilishika lakini ilikuwa na matundu. Ya tatu ikaota ukungu, kwa sababu waliianika darasani wiki ya mvua.

(Slaidi ya 8: daftari lenye jalada la bluu)

Kila walipokosea, waliandika. Siku, kiasi cha majivu, muda wa kuchemsha, nani alitwanga na kwa muda gani, kilichotokea. Katika daftari hilo wakagundua wenyewe mambo mawili: hawakuwa wakitwanga vya kutosha, na nyuzi za gugumaji peke yake hazitoshi. Wakaloweka madaftari ya zamani usiku kucha, wakachanganya, wakamimina rojo kwenye beseni, wakalichota kwa chekecheo la wavu wa chandarua uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Fundi aliyewapigilia fremu hizo hakutaka hata shilingi. Yuko hapa pia.

(Slaidi ya 9: karatasi zimeanikwa kwenye kamba, uwanja mzima)

Hiyo ni Julai. Mimi nilisimama dirishani kwa ofisi yangu nikatazama uwanja ule, na nawaambia kweli, sijawahi kujivunia kazi ya ualimu kama siku ile. Bahasha mtakazopokea leo, zenye vyeti vyenu, ndizo hizo karatasi. Kila moja ina alama za vidole vya mwenzako.

(Slaidi ya 10: mlango wa chumba cha tathmini)

Slaidi ya mwisho kabla ya vyeti. Oktoba tarehe 15 Raila Odinga alifariki, na mji huu ukainamisha kichwa. Baadhi yenu mlitoka kwenye maombolezo mkaja kukaa kwenye dawati la KJSEA siku chache baadaye. Tulikaa nanyi darasani, tukaongea, wengine tukalia pamoja. Halafu mkaandika. Nyote 74 mlikaa, karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, hakuna aliyekosa hata moja.

Sasa walimu wa darasa waje mbele, tuanze kutoa vyeti.

KUFUNGA

(Slaidi ya 11: majina yote 74 kwa mpangilio wa alfabeti)

Wazazi, asanteni kwa vigelegele. Ninajua mmechoka na ninasikia harufu ya pilau kama nyinyi, kwa hivyo sitakaa.

Nawashukuru walimu wa sekondari msingi, hasa wale walioanza kama intani na wakafundisha masomo ambayo hawakusomea chuoni, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Jumamosi ngapi mlikuja? Mimi niliacha kuhesabu. Nawashukuru mama wa jikoni, ambao sufuria yao kubwa iliazimwa kuchemshia gugumaji na wakaisugua wenyewe bila lalama. Bodi, asanteni kwa paa la darasa la mashariki.

Kwenu wahitimu. Januari mnaingia Gredi ya 10, na kwa mara nyingine tena mtakuwa wa kwanza: wa kwanza katika sekondari pevu. Mmekwisha kuchagua mikondo. Kuna waliochagua sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kuna wa sayansi za jamii. Kuna wa sanaa na michezo. Wazazi, nawasihi kwa hili la mwisho. Mtoto wako akiitwa kwenye shule ambayo hukuitarajia, au mkondo wake usiwe ule uliousema kwa majirani, usimkaripie siku hiyo. Njoo ofisini tuzungumze. Mlango uko wazi hadi shule ifungwe, na Januari wiki ya kwanza nitakuwepo kuanzia saa moja. Kijana wa orutu amechagua sanaa, na baba yake alikuja kuniuliza kama hilo ni kupotea. Tulizungumza saa nzima. Leo nimemwona akipiga makofi kuliko wote.

Mambo ya shule: majoho yarudishwe kwa mwalimu wa ghala kabla ya chakula, yamekodiwa. Vitabu vya serikali ambavyo havijarudi, orodha iko mlangoni. Bahasha msizikunje, na zikilowa zianikeni kivulini, si juani. Picha ya pamoja itapigwa chini ya mwembe.

Limebaki moja.

(Slaidi ya 12: daftari lenye jalada la bluu, limefunguliwa ukurasa wa mwisho)

Daftari hili lina kurasa 61 zilizoandikwa na zilizobaki ni tupu. Wahitimu waliniomba lisiwekwe kabatini. Wamebandika mwishoni mambo mengine pia: jinsi siku ya tathmini inavyoanza, kalamu za kubeba, ni somo gani lililowashtua, ni mwalimu gani wa kumwendea ukiogopa. Hakuna aliyewaachia wao kitu kama hiki.

Kiranja wa Gredi ya 8, njoo mbele. Na wewe msichana wa mashina mawili, simama umkabidhi.

(Wakabidhiane.)

Asanteni. Naomba tusimame kwa wimbo wa taifa, kisha mchungaji atuombee chakula.