Mayai ya Bi Tetea

Igizo la vikaragosi kwa chekechea, miaka 3 hadi 5

Jukwaa ni kanga iliyofungwa kati ya viti viwili. Bi Tetea ni soksi nyekundu, Kima ni soksi ya kahawia. Pakacha liwe mbele, watoto walione. Mayai 5 ya udongo, yamepakwa chokaa.

MWALIMU: Paukwa!

WATOTO: Pakawa!

BI TETEA: (anachomoza) Te-te-te! Hamjambo, wajukuu zangu?

WATOTO: Hatujambo! Shikamoo, Bi Tetea!

BI TETEA: Marahaba! Leo nataga. Nisaidieni kuimba.

(Anakalia pakacha, anatikisika. Yai linadondoka: tok!)

WOTE: (wanapiga makofi)
Bi Tetea kataga, te-te-te!
Yai kapuni, polepole!
Ni mangapi? Tuhesabu:
Moja!

(Tok!)

WOTE:
Bi Tetea kataga, te-te-te!
Yai kapuni, polepole!
Ni mangapi? Tuhesabu:
Moja, mbili!

(Tok! Wimbo tena, hadi tatu. Tok! Wimbo tena, hadi nne. Usiharakishe, ni kwenye mara ya tatu na ya nne ndipo mtoto mwenye haya hufungua mdomo.)

KIMA: (anaruka ndani) Shikamoo, Bi Tetea! Mimi najua kuhesabu! Moja, mbili, nne!

(Nyamaza. Usimsahihishe Kima. Watoto watapiga kelele wenyewe.)

WATOTO: Hapana!

KIMA: Nimeruka nini?

WATOTO: Tatu!

KIMA: Kumbe! Tatu, ulijificha wapi? Narudia. Moja, mbili, tatu, nne... (anagusa yai lile lile mara ya pili) tano!

BI TETEA: Aa-a, Kima! Hilo umeshaligusa. Kidole kimoja, yai moja!

WOTE: Kidole kimoja, yai moja!

(Mwite mtoto mmoja mbele. Mkono wa Kima uwe juu ya mkono wake. Kila yai linaloguswa linahamishiwa upande wa pili wa pakacha.)

WOTE: Moja... mbili... tatu... nne.

KIMA: Mayai manne!

BI TETEA: Sasa nyamazeni. Naona jingine linakuja. (anajikaza) Te... te... te...

(Tok!)

WOTE:
Bi Tetea kataga, te-te-te!
Yai kapuni, polepole!
Ni mangapi? Tuhesabu:
Moja, mbili, tatu, nne, tano!

BI TETEA: (anapiga miayo) Mayai matano. Nimechoka, wajukuu zangu. Nayaatamia. Hesabuni kwa kunong'ona.

WOTE: (kwa kunong'ona, vidole vikiinuka kimoja kimoja) Moja... mbili... tatu... nne... tano...

(Kimya. Kima anaweka sikio kwenye pakacha.)

SAUTI: (nyuma ya kanga, ndogo sana) Piu!